Faida milioni 14, benki zimebaki milioni 7

(Maktaba ya chuo, Dar es Salaam, jioni ya kuamkia mtihani wa Usimamizi wa Fedha. Rehema na Kulwa wana swali la mitihani ya nyuma: kampuni ya vifaa vya ujenzi, Morogoro. Tarakimu zote ni milioni za shilingi.)

KULWA: Aisee Rehema, hili limenishinda. Faida kabla ya kodi ni 14. Mwaka umeanza na 20 benki, umeisha na 7. Aliyetunga swali hajachanganya kweli?

REHEMA: Hajachanganya. Nisomee hesabu ya faida na hasara.

KULWA: Mauzo 120. Gharama ya bidhaa zilizouzwa 80. Mishahara, pango na umeme 18. Uchakavu 6, riba 2. Inabaki 14.

REHEMA: Hizo 120 zimeingia zote?

KULWA: Zimeuzwa.

REHEMA: Najua zimeuzwa. Nauliza zimeingia? Angalia mizania, kwa wadaiwa.

KULWA: Mwanzo wa mwaka 10, mwisho 45. Ahaa. Wadaiwa wamepanda kwa 35.

REHEMA: Makandarasi hao. Wamebeba saruji na nondo, watalipa wakilipwa na wao. Mhasibu hawasubiri. Mzigo ukishakabidhiwa, ni mauzo ya mwaka huu, hata fedha ije mwakani.

KULWA: Sasa hapo si anajidanganya?

REHEMA: Hapana, anajibu swali jingine. Faida inauliza: kazi ya mwaka huu imelipa? Ukihesabu fedha tu, mwezi uliopakia malori usiku na mchana utaonekana ulilala, halafu mwezi ambao mkandarasi mmoja amelipa madeni yake yote utaonekana wa ajabu, na pengine siku hiyo duka lilifungwa. Kwa hiyo mauzo yanalinganishwa na gharama zilizoyaleta, fedha iwe imepita au haijapita. Ila mishahara hailipwi kwa ankara. Ndiyo maana tunahitaji taarifa ya pili, ya mtiririko wa fedha, inayoanza na faida na kuirudisha kwenye fedha.

KULWA: Sawa. Kinachoniudhi zaidi ni uchakavu. Kwa nini tunauongeza? Uchakavu unaleta fedha?

REHEMA: Hauleti hata senti. Kenta walinunua kwa 30, itatumika miaka 5, kwa hiyo kila mwaka 6 inakatwa kwenye faida. Mwaka huu kuna mtu aliyelipwa hizo 6?

KULWA: Hakuna. Aliyeuza kenta amelipwa 30 zote siku ileile.

REHEMA: Basi. Ilikatwa bila fedha kutoka, tunairudisha. Tunafuta tu alama ya kalamu. Hizo 30 zenyewe utazikuta chini, kwenye uwekezaji, zote kwa mkupuo. Ukiandika kwenye karatasi kwamba uchakavu ni chanzo cha fedha, utapoteza alama, na utakuwa umestahili.

KULWA: Stoku je? Imepanda kwa 12.

REHEMA: Mabati na rangi zilizobaki stoo. Gharama ya bidhaa haiingii kwenye faida mpaka ziuzwe, lakini kununuliwa zimeshanunuliwa. Toa 12.

KULWA: Na wadai, wale waliotuletea mali kauli, wamepanda kwa 15. Hapo naongeza, kwa sababu mzigo tumepokea na hatujalipa?

REHEMA: Umeelewa. Haya, panga. Kodi iliyolipwa mwaka huu ni 3.

KULWA: Naandika.

Faida kabla ya kodi: 14
Ongeza uchakavu: 6
Ongeza riba: 2
Toa ongezeko la wadaiwa: (35)
Toa ongezeko la stoku: (12)
Ongeza ongezeko la wadai: 15
Toa riba iliyolipwa: (2)
Toa kodi iliyolipwa: (3)
Fedha kutokana na uendeshaji: (15)

Hasi 15! Yaani duka lenyewe, kabla hata ya kununua kenta, limekula fedha?

REHEMA: Limekula. Malizia.

KULWA: Uwekezaji: kenta, hasi 30. Ugharamiaji: mkopo mpya 40, marejesho ya mtaji wa mkopo 8, inabaki 32. Hasi 15, hasi 30, jumlisha 32... hasi 13. Tulianza na 20, tunabaki na 7. Imekubali! Lakini ngoja, siiamini hii njia ya kurudisharudisha. Nataka kuona fedha yenyewe.

REHEMA: Basi tumia njia ya moja kwa moja. IAS 7, kiwango cha kimataifa cha taarifa hii, inaruhusu zote mbili.

KULWA: Kwa wateja, 120 toa 35, tumekusanya 85. Manunuzi ni 80 pamoja na 12 za stoo, 92. Ambazo hatujalipa ni 15, kwa hiyo tumelipa 77. Mishahara na pango 18. Kwa hiyo 85, toa 77, toa 18... hasi 10. Riba 2, kodi 3. Hasi 15. Ileile.

REHEMA: Kesho ukibakiwa na dakika, jihakiki hivyo.

KULWA: Wangekuwa na kodi ya ongezeko la thamani ingekuwa mbaya zaidi, eti?

REHEMA: Mno. TRA wanadai asilimia 18 kwa ankara, hata mteja hajalipa. Unatoa mfukoni kodi ya fedha ambayo hujaishika. Wafanyabiashara wanaouzia taasisi zinazochelewa kulipa wanaijua hiyo vizuri kuliko mwalimu wetu.

KULWA: Lakini kuna kitu. Wadai wakipanda fedha inaongezeka. Si mtu achelewe tu kuwalipa, aonekane mzuri?

REHEMA: Kwa muda. Kumbuka Nakumatt ya Kenya. Ilikuwa inadaiwa na wasambazaji mabilioni. Wakachoka, wakaacha kuleta bidhaa, mwaka 2017 rafu zikawa tupu, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi. Ndiyo maana ukiona fedha ya uendeshaji ni chanya, uliza imetoka wapi. Kwa wateja, au kwa msambazaji anayesubiri?

KULWA: Na kinyume chake kinawezekana? Hasara, lakini fedha ipo?

REHEMA: Sana. Shule binafsi inapokea ada ya mwaka mzima Januari. Fedha imejaa benki, lakini ikifunga hesabu Machi, ada ya kuanzia Aprili bado ni deni ambalo shule inadaiwa na wazazi, kwa sababu haijafundisha. Au kampuni ya mabasi mapya: nauli inaingia taslimu kila siku, halafu uchakavu wa mabasi unaifikisha kwenye hasara. Hasara ipo, dereva analipwa.

KULWA: Mpaka mabasi yachakae kweli na hawakuweka akiba ya kununua mengine.

REHEMA: Hapo sasa. Nikupe mtego wa mwisho. Wangeuza pikapu ya zamani, thamani yake vitabuni 4, wameiuza 5?

KULWA: Faida ya 1 imo ndani ya ile faida yetu. Naiondoa kwenye uendeshaji... halafu uwekezaji naongeza 1?

REHEMA: Mnunuzi alikupa shilingi ngapi?

KULWA: Tano. Naongeza 5! Natoa 1 juu, naweka 5 chini.

REHEMA: Haya, fungua swali la 4. Uwiano wa ukwasi, na saa mbili wanafunga maktaba.