Kadi ya meza: kwa Mwajuma na Saidi, kutoka chumba namba 6

*Jalada la mbele*

Kwa Mwajuma na Saidi
katika siku ya ndoa yenu
Ujiji, Kigoma
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Kutoka kwa wenzake Mwajuma saba wa bweni la shule, chumba namba 6,
Tabora, 2010 hadi 2013

*Ndani*

Shoga yetu Mwaju, na shemeji yetu Saidi,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zote tatu zimo humu kwa sababu zote tatu zilikuwemo chumbani kwetu, na wewe ulikuwa ukiziitikia zote kabla hujavaa hata ndala asubuhi.

Mwenyezi Mungu awabariki, aishushe baraka yake juu yenu, na awakusanye katika kheri. Awape afya, awape riziki ya halali, awape watoto wenye adabu na nyumba isiyokosa mgeni.

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo. Wazazi wa Saidi, shikamooni. Asanteni kwa kutupa nafasi ya kusema, ingawa sisi si wa ukoo.

Zawadi yetu ni hiyo iliyofunikwa vitenge viwili pale karibu na mlango. Ni meza ya kulia chakula, futi sita kwa tatu, na viti vyake vinane. Tumeileta Ujiji kutoka Tabora, na tunataka kueleza kwa nini ni meza, si kingine.

Mwaju, kila muhula ulipofunguliwa ulishuka stesheni ya Tabora umejitwika lile tranka la bluu. Ndani yake, juu ya nguo, kulikuwa na ndoo ndogo ya plastiki iliyofungwa kitambaa, na ndani ya ndoo dagaa wa Mama: wamekaangwa wakavu kabisa, wamekolezwa chumvi, ndimu na pilipili. Mwenye kitu cha namna ile bwenini angeweza kufunga tranka lake kwa kufuli akala gizani, na hakuna ambaye angemlaumu, maana muhula ni mrefu. Wewe ulilivuta tranka mpaka katikati ya vitanda, ukakifuta kifuniko kwa pindo la kanga, ukapanga vikombe vinane vya bati. Kifuniko kilikuwa na bonde katikati, pale Neema alipozoea kukalia, kwa hiyo vikombe vya katikati vililala upande na ikabidi Kulwa avishikilie. Kisha ukaanza kugawa kijiko kwa kijiko: kimoja Anastazia, kimoja Kulwa, kimoja Neema, kimoja Rukia, kimoja Tatu, kimoja Veronika, kimoja Zainabu. Halafu wewe. Halafu unarudi mwanzo. Wiki mbili, tatu, ndoo inakwisha, tunabaki na maharage ya shule kama watu wote.

Kikombe chako kilikuwa chepesi kuliko vyetu. Kila mara. Tuliona, Mwaju. Tulikuwa na miaka 14, njaa inauma, tukanyamaza tukala. Leo, mbele ya mume wako na wazazi wako, tunasema kwamba tuliona.

Kile kifuniko cha tranka ndicho kilichokuwa meza yetu kwa miaka minne. Tulikula juu yake, tukaandikia barua, tukapigia pasi, tukakokotolea hesabu usiku wa mtihani. Ndiyo maana tulipokaa kuulizana tumpe nini Mwaju, mmoja akataja friji, mwingine akataja jiko la gesi lenye oveni, halafu Veronika akaandika neno moja tu, "meza", na hakuna aliyebisha tena.

*Hapa Zainabu ameomba mistari yake mwenyewe*

Mwaju, nilipougua malaria kidato cha pili, wiki ya kujiandaa na mtihani, uliniletea uji kila asubuhi ukiwa umeufunika kwa sahani ili usipoe njiani kutoka jikoni. Sikuweza kushika daftari. Ukakaa ukingoni mwa kitanda changu ukanisomea baiolojia kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka sauti ikakukauka. Muda ule ulikuwa wako wa kusoma. Mimi nilifaulu. Leo ni nesi, na kila ninapomfunikia mgonjwa uji wake nakuona wewe. Sijawahi kukuambia. Nakuambia leo.

*Tunaendelea sote*

Novemba 2013, mtihani wa kidato cha nne ulipokwisha, wanne wetu tulipanda treni pamoja nawe kuja Kigoma. Wengine hatukuwa tumewahi kuvuka Kaliua. Tulikaa dirishani tukiyahesabu majina: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, mto Malagarasi, Uvinza. Ulitutajia kila stesheni kabla hatujafika, na kinachouzwa pale. Tulipofika hapa Ujiji, Mama alitandika mkeka uani chini ya mwembe, akaja na birika na beseni, akatunawisha mikono mmoja mmoja, sisi watoto wadogo kwake. Ukaletwa ugali wa muhogo na migebuka ya mawese kwenye sinia moja. Usiku ule mwezi haukuwepo, ukatupeleka ufukweni tukaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, nyingi, kama vile kuna mji mwingine juu ya maji. Tatu aliuliza ule ni mji gani. Ulimjibu kwa upole: "Ndiyo wale dagaa mnaokula." Hapo ndipo tulipojua ndoo ile ilianzia wapi, na kwamba Mama alikuwa akiikaanga kwa ajili ya watoto wanane, si mmoja.

Mama, asante. Tumechelewa miaka 12 kusema, lakini asante.

Sasa kuhusu meza yenyewe. Ni mninga wa miombo ya Tabora. Mbao tulizinunua zikiwa na kibali, na risiti imo kwenye bahasha pamoja na kadi hii ili msipate usumbufu mkihama nayo. Wengine walitushauri mbao za bei nafuu zaidi, lakini mninga ukishakauka vizuri haukunjikikunjiki ovyo, mchwa hawaupendi, na rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu haihitaji kupakwa kitu cha kuificha. Mkitazama ubao wa katikati mtaona mshipa mweusi unaopinda kama njia ya mto. Fundi alitaka kuubadilisha ule ubao. Anastazia, aliyekuwa akisimamia kazi, alikataa katakata, na alifanya vizuri.

Miguu inafungwa kwa bolti, inafunguka kwa spana namba 13, na spana tumeifunga kwa kamba kwenye mguu mmoja. Chini ya meza, upande wa kichwani, fundi amechonga herufi nane: A, K, M, N, R, T, V, Z. Juu hatukuandika chochote. Juu ni kwenu.

Ndani ya boksi dogo kuna kopo la nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta. Nta hiyo Tatu ameitengeneza mwenyewe Sikonge, kwenye mizinga ya baba yake. Kila baada ya miezi michache pakeni kidogo kwa kitambaa laini kufuata mkondo wa ubao, acheni inyonye, kisha futeni mpaka ing'ae. Meza isikae palipo na jua kali la dirishani. Sufuria ya moto isiwekwe juu yake moja kwa moja, na kwa ajili hiyo mama yake Veronika ametusukia vijamvi vinane vya ukindu vya kuwekea sufuria. Mafuta ya mawese yakimwagika, msihangaike. Futeni tu. Meza iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Kigoma haiwezi kuogopa mawese.

Kuhusu mchango: tulianza Agosti, kila mtu kwa uwezo wake. Yupo aliyetuma mara moja, yupo aliyetuma kidogokidogo kila mwisho wa mwezi, yupo ambaye mwaka huu umekuwa mgumu kwake akatoa kazi ya mikono badala ya fedha. Hatukuandika popote nani katoa kiasi gani, na hatutaandika. Tumetaja majina yetu kwa mpangilio wa herufi, kama mwalimu alivyotuita asubuhi, na wote tumeitika.

Viti ni vinane kwa sababu tulikuwa wanane, lakini msituwekee nafasi. Wakae watoto wenu, wakae mawifi na mashemeji, akae jirani aliyekuja kuazima chumvi akakuta chakula kiko tayari. Sisi tukija tutakaa mkekani uani, chini ya ule mwembe, tumeshazoea.

Shemeji Saidi, tumekujua kwa muda mfupi, ila tumesikia mengi. Tumesikia kwamba Mama alipolazwa mwezi wa tatu ulikuwa ukija hospitali kila jioni ukitoka kazini, na hukuwa hata umemtuma mshenga. Tulipopata habari hiyo, sisi saba tulikukubali siku hiyohiyo.

Tuna ombi moja kwako, na ndilo kiini cha barua yote hii. Ukikaa kwenye meza hiyo, itazame sahani ya mke wako. Atawapakulia wageni, atakupakulia wewe, atawapakulia watoto, kisha atajipakulia mwisho, kidogo, na atasema ameshiba. Hajashiba. Chukua mwiko mkononi mwake, mpakulie wewe, na mpakulie kwanza. Akikataa, mwambie umetumwa na chumba namba 6.

Mwaju, na wewe kubali. Kula, shoga yetu.

Tunawapenda,

Anastazia, Urambo
Kulwa, Nzega
Neema, Dodoma
Rukia, Mwanga, Kigoma
Tatu, Sikonge
Veronika, Kasulu
Zainabu, Tabora mjini

*Nyuma ya kadi, kwa mwandiko wa Tatu*

Kidumu cha manjano kilicho chini ya meza ni asali, lita tano, kimetoka kwetu nyumbani na hakimo kwenye mchango. Baba amesema kwanza aonjeshwe Mama. Ndoo ndogo tupu iliyo pembeni yake ni ya kurudi nayo Tabora, na Mwaju anajua inajazwa nini.