Maagizo ya picha: mkahawa wa Mji wa Kale, Mombasa (jaribio la pili)

Tengeneza picha inayofanana na iliyopigwa kwa kamera, wima, ya ndani ya mkahawa mdogo katika nyumba kuukuu ya Mji wa Kale, Mombasa, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Chumba ni chembamba na kirefu: upana mita 2.8, urefu mita 9. Upana huo usiongezwe. Dari imebebwa na boriti za mikoko, nazo hazivuki zaidi ya hapo. Jaribio la kwanza lilinipa ukumbi wa harusi, fundi yeyote wa hapa angecheka. Kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, iliyobanduka kidogo karibu na sakafu kwa unyevu wa chumvi.

Kushoto, baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta, kimo sentimita 45, imetandikwa mkeka wa miyaa na mito ya buluu iliyopauka. Mbele yake meza nne ndogo za mvule, kila moja na kigoda kimoja, ili kulia ibaki njia. Meza ya tatu ameketi mzee wa kanzu na kofia, anatazama kando.

Mwisho wa chumba, mita 7 kutoka kwenye kamera, kaunta ya mvule yenye kimo cha sentimita 105 na stuli tatu za sentimita 75, moja imesukumwa kando. Juu ya kaunta dele la shaba lenye makaa chini, vikombe visivyo na mkono vimefudikizwa kwenye sinia, sahani ya kashata, jagi la ukwaju. Chupa za pombe hapana, hata rafuni: hii ni kaunta ya kahawa.

Juu ya kila meza taa moja ya kuning'inia, kivuli chake kimesukwa kwa ukindu, ukingo wa chini sentimita 75 juu ya meza. Kila waya uanzie kwenye boriti, usichomoze hewani. Balbu za 2700 K, hafifu, zinazotupa msuko wa ukindu ukutani. Mwanga wa mlangoni, nyuma ya kamera, uwe baridi zaidi.

Lenzi 35 mm, f/2.8, kamera kimo cha mita 1.2. Fokasi iwe kwenye kikombe cha meza ya pili, mita 2 mbele. Kinachoonekana wazi ni kati ya mita 1.75 na 2.3 tu. Taa iliyo juu ya kikombe hicho iko umbali uleule, kwa hiyo msuko wake usomeke. Meza ya kwanza ififie. Ukungu uongezeke polepole kuelekea kaunta, na dele, kaunta na stuli vififie sawasawa: mara iliyopita dele lilimeremeta kali juu ya kaunta yenye ukungu. Hata hivyo dele litambulike, na taa za mbali zisivimbe kuwa maputo. Lenzi hii haifanyi hivyo. Ukingo wa kikombe usizungukwe na utando mweupe.