Mizani ilisema 126, karatasi yangu ilisema 200

Wenzangu, wale mlioniuliza jana kwa nini nimesema mfute ile hesabu ya waya niliyowatumia, hii hapa yote kutoka mwanzo, swali, jibu langu lenye makosa na jibu la kweli. Naiandika ndefu manake wawili wenu mmeshainakili kwa daftari na mtihani wa makanika uko karibu, sitaki mtu apoteze maksi kwa sababu yangu.

Swali lenyewe:

Boriti AB ina urefu wa mita 3 na uzito wa 300 N, imelala mlalo. Mwisho A umefungwa ukutani kwa bawaba. Mwisho B umeshikwa na waya unaopanda mpaka C, ukuta huohuo, mita 2.25 juu ya A. Mzigo wa 900 N unaning'inia kwenye boriti mita 2 kutoka A. Tafuta mvuto wa waya T na nguvu za bawaba pale A.

Hili halikutoka kitabuni. Ni mtambo wa mjomba wangu hapa Matondoni, anataka kutoa mashini ya boti (farasi 40) kila inapohitaji kufunguliwa bila kuita vijana wanne. Boriti ni ya mkoko, nzima, nzito kama mnavozijua, kilo 30. Mita 3 ndo tulizopata, na hata nyumba za zamani za Lamu mjini vyumba ni vyembamba virefu kwa sababu hiyohiyo, boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Mashini kilo 76, chenibloku kilo 14, jumla 90. Nimetumia g = 10 ili namba zisitusumbue.

Waya kwanza. AB ni 3, AC ni 2.25, kwa hiyo BC ni 3.75, na engo ya waya na boriti ina sin 0.6 na kos 0.8. Hapa sikukosea.

Nilipokosea ni kwenye mchoro. Niliichora boriti peke yake, nikaweka 300 ikishuka katikati, 900 ikishuka mita 2, T ikivuta kutoka B kwenda juu na kuelekea ukutani, alafu pale A nikachora mshale mmoja tu, wa mlalo, ukuta ukiisukuma boriti nje. Kichwani mwangu ilikuwa wazi kabisa: waya unaikandamiza boriti ukutani, ukuta unarudisha, basi, imekwisha. Kisha nikaandika:

```
ΣFy = 0:  0.6T - 300 - 900 = 0   →  T  = 2000 N
ΣFx = 0:  Ax - 0.8T = 0          →  Ax = 1600 N
```

Namba zimetoka safi, hazina hata desimali, nikaona nimemaliza. Sikugusa momenti kabisa, manake nilikuwa na vitu viwili nisivyovijua na ikwesheni mbili zilishanipa vyote viwili.

Sasa ubaya ulipoanzia ni kwamba nilimpelekea mjomba hesabu hii kama kweli. Nikamwambia anunue waya wa kubeba kilo 200 kwenda juu, na nikamwambia bawaba haina haja, apige bamba la chuma ukutani boriti iegemee tu, kwani hesabu haionyeshi nguvu yoyote ya kuiteremsha. Fundi seremala, mzee ambaye kazi yake yote ni mashua, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaokota kipande cha ubao kifupi, akakibana ukutani kwa kiganja, alafu kwa kidole cha mkono wa pili akakisukuma chini taratibu. Kikashuka, kikaacha mstari kwenye chokaa kama urefu wa shibiri. Akaniuliza, "Mwanangu, na hii ikiteremka itazuiwa na nini?" Nikamjibu kwa heshima kwamba hesabu inasema haiteremki. Hakubishana na mimi, akaenda akatengeneza bawaba.

Jana asubuhi tukajaribu kabla ya kuiamini na mashini. Tulining'iniza gunia la sukari la kilo 50, debe la mchanga kilo 26, na chenibloku yenyewe, jumla ni ileile 90. Kati ya waya na B tukafunga mizani ya mjomba ya kupimia samaki, ile ya mshale, mwisho wake kilo 200. Mimi nikawaambia wasogee mbali, kwani kwa hesabu yangu mshale ungefika mwisho kabisa na huenda springi ikaharibika. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama 126.

Nikadhani mizani mbovu. Mjomba akaifunga mahali pengine akaning'inia mwenyewe, ikasoma uzito anaoujua. Ndipo fundi akasema tuusogeze mzigo karibu na ukuta, tukausogeza mpaka nusu mita kutoka A, na mshale ukashuka hadi 51.

Hapo nikashtuka kweli. Angalieni tena zile ikwesheni zangu mbili hapo juu. Mita 2 iko wapi? Mita 1.5 iko wapi? Hakuna. Swali limenipa mahali mzigo ulipo na mimi sikutumia, kwa hivo kwa karatasi yangu waya unabeba kilo 200 mzigo ukiwa nchani, ukiwa katikati, hata ukiwa umeshikana na ukuta. Mtoto yeyote aliyewahi kubeba ndoo kwa mti na mwenzake anajua si hivo, ndoo ikisogea kwako wewe ndo unaumia bega.

Basi nikachukua T yangu ya 2000 nikaipeleka kwenye momenti kuhusu A, ikwesheni ile niliyoiruka:

```
ΣM_A:  3(0.6)(2000) - 2(900) - 1.5(300)
     = 3600 - 1800 - 450
     = 1350 N·m     (ilitakiwa 0)
```

Yaani mtambo wangu wa karatasini haukuwa umetulia, boriti ilikuwa inazunguka kwenda juu. Na hii 1350 si takataka, ina maana. Igaweni kwa urefu wa boriti, 1350 ÷ 3 = 450 N. Hiyo ndo nguvu niliyoisahau, sawasawa, bawaba ikiinua boriti pale A. Sababu ni kwamba 450 ambayo bawaba ilitakiwa kuibeba mimi niliitwika waya, na waya uko mita 3 kutoka A, kwa hivo kosa likazaa momenti ya 450 × 3.

Sasa jibu la kweli. Mchoro ni uleule ila pale A kuna mishale miwili, Ax mlalo na Ay wima. Bawaba haiachi boriti iende pembeni na haiachi iende juu wala chini, kwa hivo ina nguvu mbili. Inaacha kuzunguka tu, ndo maana haina momenti. Vitu visivyojulikana vitatu, ikwesheni tatu. Anzeni na momenti kuhusu A, kwani Ax na Ay zote zinapita hapo na zinapotea:

```
ΣM_A:  3(0.6T) = 2(900) + 1.5(300) = 2250   →  T  = 1250 N
ΣFx:   Ax = 0.8(1250)                       →  Ax = 1000 N
ΣFy:   Ay = 1200 - 0.6(1250)                →  Ay = 450 N
```

1250 N ni kilo 125 kwenye mizani. Sisi tulisoma 126. Mzigo ukiwa nusu mita, momenti inakuwa 450 + 450 = 900, T inatoka 500, mizani ilisema 51. Nilikaa nikazitazama hizo namba mbili muda mrefu.

Hakikisheni na momenti kuhusu B pia, hapo T na Ax ndo zinapotea: 900 × 1 + 300 × 1.5 = 1350, na Ay × 3 = 1350, Ay = 450. Kwa mchoro wangu wa mwanzo ikwesheni hii ingesoma 1350 = 0. Kama ningeiandika tu, kosa lingenirukia machoni.

Kuna mtu atasema T yangu ya makosa ilikuwa kubwa kuliko ya kweli, kwa hivo hata ningekosea mjomba angekuwa salama. Kwa waya ndiyo, angepoteza pesa tu. Kwa pale A hapana. Boriti ikiegemea bamba bila bawaba, kinachoizuia kushuka ni msuguano peke yake, na msuguano ungetakiwa kubeba 450 huku mkandamizo ni 1000, yaani kizigeu cha msuguano cha 0.45, mti juu ya chuma chenye grisi ya mashini huo sitauamini. Na mzigo ukisogezwa nusu mita ni mbaya zaidi, T ni 500, Ax inabaki 400, Ay inapanda hadi 900, hapo unahitaji 2.25, haiwezekani. Boriti ingeteremka na kilo 76 za mashini na mtu yuko chini yake anashika propela. Lile swali la fundi na ubao wake lilikuwa ni Ay, alikuwa ananionyesha mshale ninaoukosa kwa kidole.

Nimejiuliza nilipata wapi hii tabia ya mshale mmoja. Nimefungua daftari, mfano wa kwanza tuliofanya darasani ulikuwa fimbo isiyo na uzito na mzigo uko nchani kabisa. Katika hali hiyo moja Ay inatoka sifuri kweli, fimbo inasukumwa kwa urefu wake tu, na mimi nikabeba picha ile nikaifanya sheria. Lakini boriti ya mkoko ina uzito. Hata ukiuweka mzigo kwenye ncha, mita 3, T ni 1750 na Ay bado ni 150, nusu ya uzito wa boriti yenyewe.

Kwa hivo futeni 2000 na 1600, wekeni 1250, 1000 na 450. Kama mwalimu atauliza riaksheni moja ya jumla pale A, ni mzizi wa 1000² + 450², karibu 1097 N, ikiinama digrii 24 juu ya mlalo.

Bawaba ya fundi imebaki palepale, bolti 2 za milimita 12 zimepita ukuta mzima wa matumbawe na kukazwa na bamba upande wa pili. Mjomba nimemwambia ukweli wote, na fundi nimemfuata kwake jioni nikamwomba radhi. Mashini inapanda Jumamosi maji yakijaa, boti ikiweza kuingia chini ya boriti.