Redio ya Mama Atieno

Mama Atieno aliileta ikiwa imefungwa kwenye leso, akaiweka juu ya meza ya fundi pale Kondele, kando ya barabara ya kwenda Kakamega.

"Shemeji, imenyamaza tangu tumzike mzee. Watoto wanasema niitupe."

"Ngoja kwanza tujue inaumwa wapi."

Alifungua kifuniko cha nyuma. Betri nne kubwa zilikuwa zimevuja humo ndani, springi zimeota kutu ya kijani. "Kila betri ina volti 1.5. Nne ni 6. Nguvu ilikuwepo, ila kutu haipitishi umeme." Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akatia betri mpya. Redio ikakohoa.

Alipozungusha kitufe cha sauti, ikakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. "Humu mna utepe wa kaboni, na kijino kinachotembea juu yake. Vumbi limeingia katikati." Matone mawili ya spiriti, akazungusha huku na huku mara ishirini hivi. Mkwaruzo ukaisha.

Akachomeka waya wa stima. Redio ikaguna, mmmm, mguno uliofunika kila neno. Mama Atieno akashika kifua.

"Usiogope, huu mguno umeniambia jambo. Kwa betri haukuwepo, kwa hivyo ubovu uko njia ya stima." Akachomoa waya, ndipo akafungua bodi. Akamwonyesha kapasita iliyovimba kichwani. "Mama, wewe una tangi la maji nyumbani?"

"Ninalo. Bomba letu huja likikatika."

"Na jikoni maji hayakatiki, kwa sababu ya tangi. Stima nayo hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Hii ndiyo tangi lake, na imekauka ndani." Akalehemu nyingine, maikrofaradi 1,000, akiutazama mara mbili ule mstari wa upande wa hasi. Ukiigeuza, hupasuka.

FM ikasikika safi. MW ilikuwa kimya kabisa, na hapo ndipo alipokaa muda mrefu, miwani puani, akifuata waya mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye kijiti cheusi. Ulikuwa umekatika penye kiungo. "Hiki ndicho sikio la MW. Ile antena ndefu ya juu haihusiki nacho." Akaukwangua rangi kwa wembe, akaulehemu.

Alipochukua kitambaa kufuta kioo, Mama Atieno akamshika mkono. Palikuwa na alama ndogo ya kalamu.

"Hapo mzee alisikilizia matangazo ya vifo."

Fundi akafuta pembeni tu. Alidai shilingi 250, akamkabidhi ile kapasita mbovu ajionee kweli imebadilishwa.

"Kama sauti ni hafifu, geuza redio yenyewe. Kijiti husikia vizuri kikikaa ubavu kwa stesheni."

Mama Atieno akaipeleka sindano hadi kwenye alama, akaigeuza redio polepole juu ya meza, mpaka sauti ya mtangazaji ikajaa.