Kwa Fundi, kimya kimya

Fundi, asalaam alaykum.

Leo ni tarehe 14 Julai. Heri ya siku yako, sahibu yangu. Mungu akupe umri wenye afya na utulivu.

Ujumbe wenyewe umeishia hapo. Ukiwa kazini, weka simu mfukoni uendelee. Ukitaka kunijibu, neno "Nimeona" linatosha, hata likija kesho au kesho kutwa. Yaliyobaki chini ni maneno yangu tu ya kukuandikia. Yasome usiku ukishakoga na kula, au kidogo kidogo, na hakuna swali ndani yake linalodai jibu la leo.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Sijaweka picha yako kwenye status. Kundi letu la watoto wa Ngamiani sijaligusa, na wale ndugu zetu walivyo, mmoja angeandika "hongera" na wengine arobaini wangemfuata kabla jua halijachomoza, simu yako ikalia hadi betri ife. Sijampigia shemeji kumkumbusha. Akiwa amekumbuka, hilo ni la kwenu wawili. Wala mimi sitapiga. Nakujua, simu ikiita unaikazia macho mpaka inyamaze, halafu ndipo unapumua. Anayejua kwamba nakuandikia ni mke wangu peke yake, kwa sababu aliniona nimekaa jikoni alfajiri na taa imewashwa, akauliza kulikoni. Nikamwambia namwandikia Fundi. Akasema, "Basi mwache asome kwa raha zake." Ndicho ninachofanya.

Kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na leo nataka kulitua.

Unaukumbuka mwaka ule wa maji. Nilikuja kukutembelea kazini, nikamwambia kijana mmoja wa karakana kwamba leo Fundi amezaliwa. Nilidhani nakufanyia wema. Saa saba mchana ulipotoka nje kunawa mikono, walikuwa wamekuvizia na ndoo tatu. Wakakumwagia zote. Ikaja keki, wakakulisha kwa mkono mmoja baada ya mwingine, wakaimba, kisha wakakutaka useme machache. Watu wote walicheka, na hata wewe ulitabasamu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwako, nikauona mkono wako wa kushoto. Ulikuwa umeshika pindo la ovaroli, unalikamua, unalikamua, maji yalikwisha kutoka zamani na bado unalikamua. Ukasema "Ahsanteni", ukaomba kwenda msalani, ukakaa huko mpaka kengele ya kazi ikagonga.

Wale vijana walikupenda, hilo sina shaka nalo. Waliokosa si wao. Mimi ndiye niliyekujua tangu tunacheza chandimu Barabara ya 14, mimi ndiye niliyepaswa kufunga mdomo. Jioni yake ulinisindikiza hadi kituoni, ukaniulizia watoto, hukunilaumu hata kwa nusu neno. Nami nikajifanya hakuna kilichotokea. Naomba radhi, Fundi. Usihangaike kuniandikia kwamba yamekwisha. Nilitaka tu ujue kwamba niliuona ule mkono.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mtu kama wewe anatakiwa kupongezwa vipi. Kila nikiwaza, narudi kwenye zile siku tatu za mama hospitalini.

Nadhani hujui zile siku zilikuwa nini kwangu. Ndugu walikuja wengi, Mungu awalipe. Kila aliyefika alinitaka nieleze upya: ilianzaje, daktari kasemaje, vipimo vimetoka lini. Ilipofika usiku nilikuwa sina sauti. Ndipo ukaja wewe, umetoka shamba moja kwa moja, singa za mkonge zimenasa kwenye nywele na kwenye kola. Ulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na mfuko wa machungwa ya Muheza. Ukakaa kwenye benchi la korido, ukatoa kisu chako kile kidogo, ukaanza kumenya. Unavyomenya wewe ganda halikatiki, linateremka kama utepe mmoja mpaka linagusa sakafu. Ukakata chungwa vipande viwili, ukanipa kimoja. Hukuuliza kitu. Tulikula machungwa matano usiku ule, na sikumbuki kama tulisema maneno kumi. Saa kumi alfajiri ukaenda kuwahi zamu yako. Usiku uliofuata ukarudi, na wa tatu vilevile.

Mama hadi leo anakuita "yule kijana wa machungwa", na wewe una mvi. Juzi nilipompigia alikuulizia. Sikumwambia habari ya tarehe, maana angetuma mtaa mzima uje kukupikia pilau. Nimemwambia hujambo, uko kazini. Akakuombea dua ndefu, nami nakuletea salamu zake bila dua, kwa sababu dua imekwisha kwenda inakokwenda.

Watu wanasema wewe si msemaji. Mimi siwaamini sana. Nakumbuka ulivyonipitisha kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mara ya kwanza, majani yanaingia upande huu mabichi na mazito, upande wa pili zinatoka singa zinadondosha maji ya kijani, na lile harufu lake kali linalobaki kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Ukaniambia habari ya yule Mjerumani, Hindorf, aliyeagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapita Hamburg, na ilipofika huku kwetu iliyo hai ilikuwa 62 tu. Ulisimulia kwa pumzi moja, kwa mikono, ukinionyesha kwa vidole jinsi kimche kinavyokuwa kidogo. Ukasema mashamba yote haya tunayoyaona kutoka Tanga hadi Korogwe na kwingine yalianza na vile 62. Halafu ukagundua nakutazama, ukanyamaza, ukageukia mashine. Kwa hiyo maneno unayo. Unachokikataa ni kutazamwa wakati unayasema. Nimejifunza kuangalia mashine unapozungumza, na nadhani umeona.

Sasa habari ya mzigo.

Nimekutumia kitu kidogo kwa basi la jana usiku. Kiko ofisi ya mizigo pale stendi ya Kange, namba ya risiti nitakutumia peke yake ili usiitafute humu. Juu ya boksi nimeandika jina lako na neno moja, VIPURI, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza una sherehe gani. Hakina kadi wala utepe, nimekizungushia gazeti. Ni tochi ya kuvaa kichwani. Mara ya mwisho nilipokuja, umeme ulikatika, nikakuona umeingia chini ya ile mashine na tochi umeing'ata kwa meno, mate yanakutiririka kidevuni, mikono yote miwili iko kwenye bolti. Nilirudi Dar na picha ile kichwani. Hii ina mkanda wa kukaza, na betri zake ni zile ndogo zinazouzwa duka lolote. Mwanga una hatua mbili, nakushauri ule mdogo, mkubwa unaumiza macho ukiangalia chuma kinachong'aa. Nilivijaribu vyote viwili usiku chini ya sinki letu. Pembeni kuna nusu kilo ya kahawa ambayo ni ya shemeji, tafadhali usiinywe yote wewe.

Ukishaichukua usinishukuru. Siku moja katikati ya mazungumzo mengine niambie tu kama mkanda unakaa vizuri au unateleza, nitafurahi. Ukiteleza nitatafuta aina nyingine.

Mwisho wa mwezi nakuja Tanga kumwona mama, siku nne hivi. Siji kwa ajili ya tarehe hii na sitaitaja nikifika. Nilifikiri jioni moja twende Raskazone, pale tulipokuwa tunakaa baada ya shule, tuangalie maji na kile kisiwa cha Toten hadi giza liingie. Msimu huu wa kipupwe upepo wa jioni ni mzuri na watu si wengi. Nitabeba machungwa, wewe ubebe kisu. Hatuhitaji kuwa na la kuzungumza. Ikikufaa, karibu na siku yenyewe niandikie "chungwa". Ukiwa umechoka au zamu zimekubana, andika "baadaye", nami nitaelewa ni baadaye, si vinginevyo. Usipoandika chochote nitapita kwa mama, nitakula, nitalala, na tutaonana safari nyingine. Hakuna kitakachokuwa kimeharibika kati yetu.

Nimetaka kukwambia neno moja la moja kwa moja, na nimelizunguka tangu alfajiri. Nakupenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Maisha yangu yana watu wengi wanaoongea, na mimi ni mmoja wao, darasani naongea kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa. Wewe ndiye ninayeweza kukaa naye nikanyamaza na nisihisi kuna kitu kinapungua. Nafurahi ulizaliwa. Nafurahi ulizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Watoto hawajambo, yule mdogo amekuwa fundi wa nyumba sasa, amefungua redio ya babu yake na haijafungika. Akishindwa kabisa nitaibeba nikija, kama utakuwa na nafasi.

Kuna watu wanakungojea kazini, na hapa kwangu maji ya chai yamechemka. Siku iwe njema kwako, iwe kama siku nyingine zote unazozipenda, mashine zisikusumbue, na urudi nyumbani mapema.

"Nimeona" inatosha.

Ni mimi, jirani yako wa Barabara ya 14.