Upungufu wa mifuko 24 ya simiti ya 42.5, dilivari namba 04417

Kwa: Meneja wa Mauzo
Nakala: Ofisi ya Hesabu

Habari za kazi, Bwana Meneja.

Simiti tuliyoagiza ilifika hapa Kondele jana, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na moja na nusu jioni. Asante kwa kuituma siku mliyoahidi. Lakini mzigo haukutimia. Dilivari inasema mifuko 200 ya 32.5 na mifuko 120 ya 42.5. Ya 32.5 imefika yote. Ya 42.5 tumepokea 96, kwa hivyo imepungua 24.

Nimeambatisha picha nne, na ningeomba uzifungue kabla hujanijibu.

Ya kwanza ni dilivari yenyewe. Nakala yetu ni ile ya chini, kaboni imefifia kidogo, lakini ukiikuza utaona "120" kwenye mstari wa pili na pembeni yake maandishi ya kalamu ya buluu: "Imepokelewa 96". Hayo niliandika mimi, na dereva akatia sahihi chini yake baada ya kuhesabu pamoja nasi mara mbili. Hakubisha. Alisema tu kwamba yeye alikabidhiwa lori likiwa limeshafungwa turubai.

Ya pili na ya tatu ni mrundo wa 42.5, kwa mbele na kwa ubavuni. Sisi hupanga mifuko 12 kwa tabaka, minne kwa mitatu, na hatuzidishi tabaka kumi kwa sababu ya chini hugandamana ikawa mawe. Ndiyo maana ukutani tumechora mstari wa chaki kwenye kimo cha tabaka ya kumi. Mifuko 120 ingegusa mstari huo sawasawa. Hesabu kwenye picha: tabaka ni nane, na kati ya mfuko wa juu na chaki pana nafasi ya tabaka mbili. Ndiyo hiyo 24. Picha ya nne nimepiga nikiwa juu ya ngazi, usije ukadhani katikati au nyuma kuna mingine. Na hatukuwa na 42.5 ya zamani stoo. Iliisha tangu Jumamosi, kwa hivyo hakuna iliyochanganyika.

Sitaki kumtia mtu lawamani kwa jambo ambalo sikuliona. Huenda haikupakiwa, huenda ilipungulia njiani. Ninyi mna njia ya kujua: mifuko 24 ni kilo 1,200, uzito ambao haufichiki kwenye mizani. Tafadhali angalieni tiketi ya uzito mlipopakia Athi River, na kama lori lilipimwa Gilgil, mlinganishe. Mkipata jibu nielezeni, hata kama si zuri kwenu. Mwezi Julai ilipungua mifuko miwili tukanyamaza kwa ajili ya ujirani mwema. Sasa naona tulikosea kunyamaza.

Kinachoniuma zaidi ni mteja. Kuna mama anayejenga Mamboleo, amelipia mifuko 110 ya 42.5 na slabu yake inamwagwa Jumamosi asubuhi. Mafundi na mikisa vimeshalipiwa. Slabu haiachwi katikati ukangoja simiti: zege la kwanza likishashika, la pili halishikani nalo vizuri, na pale kwenye kiungo ndipo maji na nyufa huanzia. Nikimpelekea 96 nitakuwa nimemharibia nyumba, na jina litakaloharibika mtaani ni langu.

Kwa hivyo naomba mifuko 24 ifike hapa kabla ya saa sita mchana Ijumaa, tarehe 17, usafiri ukiwa juu yenu. Ikiwa haiwezekani, niambieni leo kabla ya saa kumi jioni ili ninunue kwingine hapa Kisumu, nanyi mtutolee krediti noti ya shilingi 21,120, yaani mifuko 24 kwa bei ya 880 pamoja na VAT. Ankara ya eTIMS imeshatoka kwa mifuko yote 320, kwa hivyo krediti noti nayo ipitie eTIMS. Ya kuandikwa kwa mkono haitatusaidia wakati wa kurudisha hesabu za VAT.

Ofisi ya Hesabu: kati ya shilingi 253,600 za ankara hii, 232,480 zitalipwa ndani ya siku 30 kama kawaida. Zilizobaki tutazilipa mifuko ikifika.

Nakala halisi ya dilivari ninayo mezani, na mrundo hatutaugusa mpaka kesho saa tatu asubuhi, mkitaka kumtuma mtu wenu aje ahesabu mwenyewe.

Wako,
Akinyi
Stoo na Ununuzi
Duka la vifaa vya ujenzi, Kondele, Kisumu