Maelekezo ya Mchoro: Fakiri na Sultani wa Kilwa, Ukurasa wa 3 na wa 4

Ndugu mchoraji,

Kurasa hizi mbili zinabeba kisa ambacho msafiri Ibn Battuta alikisimulia baada ya kufika Kilwa mwaka 1331: Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa, alisimamishwa njiani na fakiri kutoka Yemen akaombwa nguo alizozivaa mwilini, naye akazitoa. Uzito wote wa kisa umo katika majibizano mafupi. Kwa sababu hiyo nakuomba upange mahali pa viputo kwa penseli nyepesi kabla hujachora uso wa mtu yeyote, kwa maana kiputo kinachobandikwa mwishoni hufunika ama mkono ama jicho, na katika kisa hiki mkono na jicho ndivyo vinavyosema.

Karatasi ni A4 ya wima, na mwanya kati ya fremu ni milimita 5. Usiandike herufi yoyote wala usichore duara la kiputo. Maneno yataingizwa baadaye. Mahali pa kiputo pasiwe doa jeupe, bali pawe anga, ukuta au kivuli chenye rangi tulivu, ili hata bila maneno mchoro uonekane umekamilika.

Ukurasa wa 3 una fremu 5.

Fremu ya 1 inachukua upana wote na theluthi moja ya urefu wa ukurasa. Tunatazama kutoka juu kidogo: waumini wanatoka Msikiti Mkuu baada ya sala ya Ijumaa, na bahari inaonekana kwa mbali. Msikiti ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na hauna mnara, lakini nyumba za mji zichorwe za mbao, kama msafiri huyo alivyozieleza. Anga ya juu kushoto iachwe wazi kwa maelezo ya msimulizi, yasiyozidi maneno 20.

Fremu ya 2 na ya 3 ziko safu moja, ya pili ikiwa pana maradufu. Katika ya 2 tunawaona wote wawili kuanzia magotini: fakiri kushoto, sultani kulia. Mpangilio huu usigeuzwe hadi mwisho wa ukurasa, kwa kuwa fakiri ndiye anayeanza kusema na msomaji wetu husoma kutoka kushoto. Vichwa vyao viwe chini ya mstari wa katikati, juu ya fakiri paingie “Ewe Abul Mawahib!” na juu ya sultani, chini kidogo ya kiputo cha kwanza, paingie “Labeka, fakiri. Una haja gani?” Fremu ya 3 ni nyembamba, ya kidole cha fakiri kikielekea kwenye pindo la joho. Sehemu ya juu ibaki kivuli kitupu kwa “Nipe nguo hizi ulizovaa.”

Fremu ya 4 ni uso wa sultani peke yake, kwa karibu sana, ukisukumwa upande wa kulia ili robo ya kushoto ibaki wazi. Hapa sitaki mshangao wa kupindukia, ametulia, na neno lake ni “Nitakupa.” Fremu ya 5 inarudi nyuma, tukiwatazama kutoka usawa wa ardhi, umati ukiwa umesimama kimya nyuma yao. Majibizano “Sasa hivi?” na “Naam, sasa hivi” yapite angani, moja juu ya jingine kwa mshazari, mikia ya viputo isikatane.

Ukurasa wa 4 una fremu 3 tu, na sauti yake iwe ndogo. Katika ya 1, ya mlalo, sultani anaingia nyumba ya khatibu. Tunamwona mgongoni, akiwa mdogo ndani ya mlango, na ukuta mpana wa kulia ni wa maelezo. Ya 2 ni ya mraba: mikono yake, sasa ikiwa katika mikono ya nguo nyingine, inamkabidhi fakiri zile za kwanza. Ichorwe kwa karibu, bila kiputo hata kimoja, kwa hiyo unaweza kuijaza nyuzi, mikunjo na mishipa ya mikono utakavyo.

Fremu ya 3 ichukue nusu nzima ya chini. Fakiri amezifunga nguo katika kitambaa, amezitwika kichwani, anakwenda zake kuelekea kulia, pembe ambayo mkono wa msomaji utafungulia ukurasa unaofuata. Mstari wa upeo uwe chini sana. Kushoto, umati unamshukuru sultani. Sauti zao zitakuwa viputo vidogo 3, hivyo waache vichwa vyao vishuke kama ngazi ili kila kiputo kipate mwenyewe. Juu ya fakiri pasiwekwe neno lolote.